Ukurasa Mmoja wa Mkurugenzi

"Kufuatia maelekezo ya kikao cha menejimenti, timu ya wataalamu iliundwa kwa lengo la kufanya zoezi la kutathmini hali ya upotevu wa maji, ambapo ilibainika kuwa zipo changamoto mbalimbali zikiwemo uchakavu wa miundombinu na dira mbovu, hali inayochangia kwa kiasi kikubwa kushuka kwa mapato."

Huo ni mwanzo wa muhtasari wa kurasa nne. Nimeubuni, lakini aliyewahi kukaa ofisini ataitambua sauti yake. Mkurugenzi wa mamlaka ya maji, mwenye wageni mlangoni na kikao saa nne, amefika kwenye nukta na bado hajaambiwa kitu. Maji mangapi yanapotea? Yanapotelea wapi? Yeye anatakiwa afanye nini?

Wengi wakiambiwa wafupishe, hupita aya kwa aya wakichomoa maneno. Wengine hupunguza ukubwa wa herufi na kubana mistari, kana kwamba tatizo lilikuwa karatasi. Kinachobaki ni maelezo yaleyale, na usumbufu wa macho juu yake. Ni afadhali kuuweka muhtasari wa zamani pembeni, kuchukua ukurasa mtupu na kuandika kwanza sentensi moja: tunaomba mkurugenzi aidhinishe nini? Mwandishi akishindwa kuiandika, ajue ripoti yenyewe haijafikia uamuzi, na hakuna ufupishaji utakaoificha kasoro hiyo.

Tuseme ndani ya ripoti yetu mna hesabu hizi. Katika kila lita 100 zinazozalishwa, 38 hazilipiwi. Kati ya hizo, 21 huvuja mabombani, 12 hupita kwenye dira zilizochakaa zinazosoma pungufu, na 5 huibwa. Mwandishi wa haraka atapendekeza mabomba kwanza, maana ndiko kwenye upotevu mkubwa. Lakini mahali ambapo maji hayana uhaba, lita inayovuja huigharimu mamlaka bei ya kuizalisha tu, ilhali lita iliyomfikia mteja bila kusomwa na dira inapoteza bei kamili ya kuuzia. Ndiyo maana ripoti inapendekeza kuanza na dira za wateja wakubwa. Hoja hiyo imefichwa ukurasa wa 31, na bila hiyo mkurugenzi ataona pendekezo halilingani na matokeo.

Ukurasa mpya basi unaanza hivi: "Tunaomba uidhinishe shilingi milioni 180 za kubadilisha dira 300 za hoteli, shule na viwanda kabla ya mwisho wa Juni. Kila dira iliyochakaa inatukosesha wastani wa shilingi 40,000 kwa mwezi; fedha zitarudi ndani ya miezi 15. Msimamizi: meneja biashara." Hapo kuna kiasi, muda, mwenye kazi na sababu. Mkurugenzi anaweza kuzidisha mwenyewe: dira 300 kwa 40,000 ni milioni 12 kwa mwezi. Lita 38 na mgawanyo wake hufuata, kisha sentensi mbili kuhusu kwa nini dira zitangulie mabomba.

Vingine vinahama. Historia ya mamlaka, orodha ya wajumbe na shukrani hazina kazi hapa. Agosti 1940, vita vikiwa vimepamba moto, Winston Churchill aliwaandikia watendaji wa serikali yake ya Uingereza akitaka ripoti zenye aya fupi, na takwimu nzito ziende kwenye kiambatisho. Ushauri huo haujachakaa.

Mbinu za utafiti zibaki sentensi moja, ila tahadhari inayoweza kugeuza uamuzi haikatwi. Kama dira zilipimwa moja moja lakini uvujaji ulikadiriwa katika kata 4 tu kati ya 11, mkurugenzi aambiwe. Kufuta mstari huo kunapendezesha ukurasa na kumtega anayeusoma, kwa sababu mjumbe wa bodi atauliza swali hilohilo.

Kuhusu lugha, kisu kipite kwenye vitenzi. "Kufanya zoezi la kutathmini" ni kutathmini. "Iangaliwe namna ya kuboresha" haina mtendaji, kwa hiyo hakuna atakayeifanya. Na neno "changamoto" libadilishwe kwa jina la tatizo lenyewe kila linapojitokeza.

Kabla ya kuupeleka, mpe mtu wa idara nyingine, mhasibu kwa mfano, ausome kwa dakika mbili, kisha uuchukue na umuulize: tunaomba nini, kiasi gani, kwa nini? Akijibu "mnataka kupunguza upotevu wa maji", rudi mezani. Halafu linganisha kila tarakimu na ripoti kamili, kwani milioni 180 ya juu ikikutana na milioni 165 ya ukurasa wa 27, kikao kizima kitaishia kwenye milioni 15.