Tangazo la chama lilimgharimu mamangu faini, nikaamua kuliandika upya

Novemba 2025 mamangu alipigwa faini ya shilingi 200 kwa kukosa kikao cha chama ambacho, kwa hesabu yake, kilikuwa bado wiki moja kifike. Alinipigia simu nikiwa Nakuru, amekasirika vibaya. Mimi ndiye "yule kijana wa kuandika" kwa familia yetu, kwa sababu niliacha chuo mwaka wa pili na tangu hapo nimekuwa nikiblogi. Akanitumia lile tangazo kwenye WhatsApp akasema, "Hebu soma, uniambie nani mjinga hapa."

Nililisoma mara tatu. Chama chenyewe kiko Kipkelion, kina wanachama 18, wengi wao wakulima wadogo wa majani chai na wauzaji maziwa. Tangazo lilisema hivi:

"Wanachama wote mnaarifiwa kuwa vikao vitafanyika Jumamosi ya wiki ya pili ya kila mwezi saa 8 pahali pa kawaida. Mchango ni sh 1,000 pamoja na sh 200 za dharura na utumwe kabla ya tarehe 5. Atakayechelewa atatozwa faini bila huruma. Kwa amri ya ofisi."

Sasa chukua kalenda ya mwezi huo. Tarehe 1 Novemba ilikuwa Jumamosi. Katibu alimaanisha Jumamosi ya pili, ambayo ni tarehe 8. Lakini tangazo linasema "wiki ya pili". Mama, kama watu wengi, huanza kuhesabu wiki Jumatatu. Wiki kamili ya kwanza ikaanza tarehe 3, ya pili tarehe 10, na Jumamosi yake ikawa tarehe 15. Hakuna mjinga hapo. Kuna watu wawili waliosoma maneno yale yale kwa kalenda mbili.

Kulikuwa na bomu lingine kwenye pesa. "Sh 1,000 pamoja na sh 200" inaweza kumaanisha elfu moja, na juu yake mia mbili. Inaweza pia kumaanisha elfu moja ambayo ndani yake mna mia mbili. Kiswahili chetu kinaruhusu zote. Wanachama 11 walituma 1,200 na saba wakatuma 1,000, kwa hivyo badala ya 21,600 mweka hazina akajikuta na 20,200. Zile 1,400 zilizopungua zikazua maneno, na unajua maneno ya pesa yakiingia kwa chama yanaenda wapi. Kuna mama aliambiwa amekula, na yeye alikuwa tu amesoma sentensi.

Halafu "saa 8". Mimi nikiiona hiyo namba kwa simu nafikiria asubuhi. Kogo yangu akiiona anajua ni saa nane mchana, baada ya kazi ya shamba. Na "pahali pa kawaida" ni kawaida kwa nani? Mwanachama aliyejiunga mwezi uliopita hana kawaida yoyote.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kukimbilia kuandika. Nilitunga posti tamu, nikaweka "Chamgei wapendwa", na ili isikike kama inatoka kwa rafiki nikaongeza "ukichelewa kidogo usijali, tuambie tu". Mama akaipeleka kwa grupu. Jioni hiyo hiyo katibu akanipigia. Watu wawili walikuwa tayari wamemwambia kwamba faini imeondolewa, imeandikwa! Maneno yangu mawili ya upole yalikuwa yamebadilisha sheria ambayo wanachama 18 walikuwa wameikubali kwenye kikao. Ikabidi ifutwe.

Tukaanza upya, mara hii nikiwa na kalamu na katibu kwenye laini. Sikumwuliza tangazo linasema nini. Nilimwuliza maswali ambayo mtu angempigia simu kuuliza. Kikao kijacho ni tarehe ngapi? Nikiwa na pesa mkononi nitume ngapi? Tarehe 5 yenyewe imo ama haimo? Nikituma kwa M-Pesa, ada ya kutuma ni juu ya nani? Faini ni ya kuchelewesha pesa, kuchelewa kikao, ama yote mawili?

Kwa maswali mawili hakuwa na jibu. Suala la tarehe 5 na lile la faini hayakuwa yameandikwa popote kwenye kumbukumbu za vikao. Hapo ndipo mwandishi anashawishika kujaza pengo mwenyewe, kwa sababu unaona jibu lenye akili. Sikujaza. Aliyapeleka kwa kikao cha Desemba, wakaamua wenyewe, ndipo akanirudia. Ikatoka hivi:

"Chamgei! Vikao vyetu vitatu vijavyo ni:
*Jumamosi 10 Januari*
*Jumamosi 14 Februari*
*Jumamosi 14 Machi*
Tunaanza *saa nane mchana* (simu yako itasoma 2:00 PM), nyumbani kwa mwenyekiti.

Kila mwezi tuma *1,200*. Elfu moja ni ya mzunguko, mia mbili ni ya dharura. Ada ya kutuma unalipa mwenyewe. Siku ya mwisho ni *tarehe 5*, hadi saa sita usiku. Tunataka pesa mapema ili anayepokea mzunguko azipate siku ya kikao.

Pesa ikifika baada ya tarehe 5, faini ni 100. Ukikosa kikao bila kumwambia katibu, faini ni 200. Ukiwa na shida, mpigie katibu kabla ya siku hiyo.

Tuma kwa namba ile ile ya mweka hazina. Jina lake likitokea kwa skrini ndipo uthibitishe. Ukiona namba mpya kwa grupu, usitume. Piga simu kwanza."

Zile nyota si mapambo. WhatsApp hugeuza neno lililo kati ya nyota mbili kuwa herufi nzito, na mtu anayesoma akichuma majani anaona tarehe na pesa kwanza. Niliandika tarehe zenyewe kwa sababu tarehe haihesabiwi na mtu wiki. Tatu zinatosha. Ukiweka za mwaka mzima moja ikibadilika, posti ya zamani inabaki ikidanganya watu.

Upole nao niliuhamishia kwa salamu, kwa sababu ya kutaka pesa mapema, na kwa nafasi ya kupiga simu. Kwenye sheria nikaacha namba peke yake. Ile "bila huruma" tuliitoa, na faini haikupungua hata shilingi.

Kitu kimoja tulibishana. Katibu alitaka chini tuweke majina ya waliobaki na deni. Nikamwambia hapana, kwenye hilo grupu kuna mashemeji na mama wakwe, na posti husambazwa. Mwenye deni apigiwe simu. Alikubali, ingawa nilisikia hajapenda.

Tarehe 5 Januari, mweka hazina alihesabu watu 17 waliotuma 1,200 kamili. Wa kumi na nane alituma 1,000 na mia mbili baadaye usiku huo, kabla ya saa sita.

Mamangu naye aliuliza kama atarudishiwa zile mia mbili za Novemba. Katibu akamwambia kumbukumbu zilishatiwa sahihi.