Zumaridi Huzaliwa Miamba Miwili Inapokutana

Huko Malakialina, Madagaska, iliwahi kupatikana fuwele moja ya berili yenye urefu wa mita 18 na unene wa mita 3.5. Uzito wake ulikadiriwa kufikia tani 380 hivi. Berili ndiyo madini yanayotupatia zumaridi na akwamarini, lakini fuwele kubwa kiasi hicho huwa na ukungu na nyufa tele, wala mkata vito hahangaiki nazo. Kukua ni jambo moja, kuwa kito ni jambo jingine, na kila moja lina masharti yake.

Masharti ya kukua hutimia kwenye pegmatiti. Magma ya graniti inapopoa chini ya ardhi, felispa, kwatzi na ulanga hutangulia kuganda. Elementi zisizopata nafasi ndani ya madini hayo, kama vile lithiamu, boroni na beriliamu, hubaki kwenye kimiminika pamoja na maji mengi. Masalia hayo hupenya kwenye nyufa za miamba ya jirani na kuganda humo, yakawa mishipa ya pegmatiti.

Maji na boroni huzuia fuwele changa zisianze kwa wingi, na wakati huohuo hufanya kimiminika kiwe chepesi, atomi zikasafiri haraka hadi kwenye zile chache zilizokwisha kuanza. Ni kama shamba la mahindi lililopunguzwa miche: mashina machache yaliyobaki hula chakula chote. Wengi hudhani fuwele kama hizo huhitaji mamilioni ya miaka. Mwaka 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha Rice nchini Marekani walichunguza kwatzi kutoka pegmatiti ya Kalifonia, wakakokotoa kwamba fuwele ya mita moja inaweza kukua kwa siku chache tu.

Lakini fuwele inayokua ikiwa imebanwa na wenzake humeza vijipovu na vipande vya madini mengine. Fuwele safi hutoka zaidi kwenye mifuko, yaani matundu yaliyobaki katikati ya mshipa baada ya sehemu kubwa kuganda. Humo ndimo fuwele huchomoza kwenye uwazi bila kuguswa na kitu. Mchimbaji mzoefu huuhisi mfuko kabla ya kuufikia: punje za felispa huwa kubwa zaidi, kwatzi hugeuka rangi ya moshi, ulanga wa zambarau huanza kuonekana, kisha hutokea udongo laini. Hapo baruti huwekwa kando, kazi ikaendelea kwa tindo na nyundo, maana mlipuko mmoja hujaza nyufa kwenye kito kilichodumu mamilioni ya miaka bila dosari.

Hivyo ndivyo akwamarini kubwa na safi zinavyopatikana. Rangi yake ya buluu hutokana na chuma, na chuma hakikosekani. Zumaridi haina bahati hiyo. Ukijani wake unahitaji kromiamu, tena mara nyingi, na kromiamu iko kwenye miamba myeusi yenye asili ya kina kirefu, ambayo karibu haina beriliamu. Graniti nayo ina beriliamu, lakini kromiamu yake ni haba mno. Ili zumaridi izaliwe, miamba hiyo miwili isiyohusiana lazima ikutanishwe.

Mayoka, karibu na Ziwa Manyara nchini Tanzania, ilikutana. Mishipa ya pegmatiti ilipenya kwenye miamba yenye kromiamu, vimiminika vya moto vikavuja mpakani, na mwamba ule ukageuka kuwa tabaka la ulanga mweusi. Ndani ya tabaka hilo beriliamu ilikutana na kromiamu. Ila humo hamna mfuko wala uwazi. Fuwele ilikua ikisukumana na vibamba vya ulanga, ikavimeza vingine. Ukiiangalia zumaridi ya aina hiyo kwa lenzi ya kukuza mara 10, utaviona vibamba hivyo vya kahawia. Kwa hiyo mahali panapotoa rangi adimu ndipo panapoharibu usafi na kuzuia ukubwa.

Mayoka hutoa pia aleksandraiti, kito cha kijani mchana na chekundu chini ya taa ya balbu ya zamani. Hiki kina sharti la tatu. Kimeundwa kwa beriliamu na alumini bila silika, ilhali pegmatiti imejaa silika, na silika ikiwapo ya kutosha, berili huundwa badala yake. Aleksandraiti hutokea pale tu mwamba mweusi uliponyonya silika kutoka kwenye mshipa, ikapungua vya kutosha. Ndiyo sababu hata kwenye machimbo ya zumaridi, aleksandraiti huwa chache zaidi, na kubwa iliyo safi huonekana kwa nadra sana.