Bima ya thadi pati: nani analipwa, nani halipwi

Tuseme Probox inarudi nyuma kwenye steji mjini Mwingi, kando ya barabara ya Thika–Garissa. Dereva hajaangalia vizuri. Anamgonga mama aliyebeba ndengu na kumvunja mguu, kisha bampa inaigonga pikipiki iliyoegeshwa. Gari lina bima ya chini kabisa, ile ya thadi pati.

Mama atalipwa. Sura ya 405 ya sheria za Kenya inamlazimisha mwenye gari kukata bima kwa ajili ya watu kama yeye. Pikipiki nayo kwa kawaida hutengenezwa, hadi kiwango kilichoandikwa kwenye mkataba. Bampa ya Probox ni mzigo wa mwenyewe. Gari likiibwa au likiungua, hali ni hiyo hiyo.

Malipo ya aliyeumia yana kikomo. Mahakama ikimpa mama huyo shilingi milioni 3.6, sheria inaibana kampuni kwa milioni 3 tu. Laki sita zinazobaki zitamfuata mwenye gari.

Linaloumiza wengi ni matumizi. Cheti, ambacho siku hizi hutolewa kidijitali, huonyesha namba ya gari, tarehe na aina ya bima. Ukikata ya gari la kibinafsi kisha ukaanza kubeba abiria wa nauli kwenda Kyuso au Tseikuru, umetoka nje ya mkataba. Ajali ikitokea, kampuni inaweza kukataa dai, au ilazimike kumlipa aliyeumia kisha ije kukudai wewe. Bodaboda ni vivyo hivyo: bima ya pikipiki ya kibinafsi si ya kubebea abiria. Mwambie wakala ukweli wa kazi unayofanya, hata kama bei itapanda.

Mimi ni wakala na ninalipwa kamisheni, kwa hiyo nisikilize ukijua hilo. Hata hivyo sioni haja ya kila mtu kukata komprehensivu, inayolipia na gari lako. Kama gari ni kuukuu na unaweza kubeba hasara ya kulipoteza, thadi pati inatosha. Kama umelinunua kwa mkopo, mkopeshaji mwenyewe atakudai komprehensivu. Nenda na makadirio ya bei nyumbani, uyasome polepole.

Turudi steji. Dereva wetu atashawishika kumpa mama elfu tano, waagane. Amsaidie kufika hospitali, naam, lakini asikubali kosa wala kuahidi fidia kwa niaba ya kampuni. Mikataba mingi inakataza hivyo. Aripoti polisi, apewe namba ya OB, baadaye achukue abstrakti, na aiarifu kampuni mara moja. Barua ya wakili au samansi ikija hata baada ya miezi kadhaa, aipeleke kwa kampuni siku hiyo hiyo. Nimeona samansi zikikaa kwenye droo ya gari mpaka hukumu ikatolewa bila mwenye gari kujitetea, na kampuni ikauliza kwa nini haikuarifiwa.