Kabla ya Kumwaga Urea, Tazama Umanjano Umeanzia Jani Lipi

Mahindi yakigeuka manjano, wakulima wengi hukimbilia urea. Mara nyingi hawakosei, kwa kuwa naitrojeni hupungua haraka mashambani. Lakini upo umanjano ambao urea haiuondoi, na mwenye shamba huishia kulaumu mbegu au muuza pembejeo. Jambo la kwanza la kuangalia ni mahali umanjano ulipoanzia: majani ya chini au ya juu?

Mmea una virutubisho unavyoweza kuvihamisha na vingine ambavyo vikishatulia kwenye jani havitoki kirahisi. Naitrojeni, fosforasi, potasiamu na magnesiamu huhama. Ardhi ikiishiwa naitrojeni, mhindi huvunjavunja protini zilizomo kwenye majani yake makuukuu, ukasafirisha naitrojeni hiyo hadi kwenye jani linalochipua. Jani la chini hufa ili la juu liishi. Kwa salfa, chuma, zinki, boroni na kalsiamu, uhamisho huo ni mdogo au haupo kabisa. Kalsiamu, kwa mfano, hupanda pamoja na maji kutoka mizizini, ikajengwa ndani ya kuta za seli na kubaki humo. Virutubisho vya kundi hili vikipungua, jani la zamani hubaki na akiba yake ilhali jani jipya linazaliwa na njaa.

Kwa hiyo anza chini kabisa ya mhindi. Naitrojeni ikipungua, jani la chini huanza kupata umanjano kwenye ncha, kisha umanjano huo hufuata mshipa mkuu kuelekea shinani ukichora umbo la V, huku kingo zikibaki kijani kwa muda. Potasiamu hufanya kinyume: nayo huanzia kwenye ncha, lakini hushuka kwa kingo, zikakauka kama zilizobabuliwa na moto, na katikati pakabaki kijani. Ishara hizi mbili hutokea kwenye jani lilelile la chini, na dawa zake ni tofauti kabisa.

Sasa chukua shamba la kichanga, lenye mboji kidogo, ambalo kwa miaka limepandiwa DAP na kukuziwa urea. Mbolea hizo mbili hazina salfa. Mahindi yana urefu wa magoti. Majani ya chini ni kijani, ila yale machanga ya juu yamepauka, mara nyingine yakiwa na mistari hafifu kati ya mishipa. Hapo shuku salfa. Kuongeza urea kunaweza hata kuzidisha tatizo, kwa kuwa mmea unapewa naitrojeni nyingi zaidi bila salfa ya kutengenezea protini.

Usinunue mfuko kabla ya kupima. Chagua mistari mitatu yenye dalili zinazofanana, kila mmoja wa mita 10, ikiwa nafasi kati ya mistari ni sentimita 75, na uache mstari mmoja au miwili kati yake. Wa kwanza usiutie kitu. Wa pili utie gramu 80 za urea, na wa tatu gramu 180 za SA. Vipimo hivyo vinatoa naitrojeni karibu sawa, kwa sababu urea ina asilimia 46 na SA ina 21. Tofauti ni kwamba SA ina pia asilimia 24 ya salfa. Weka mbolea kando ya mashina bila kuyagusa, udongo ukiwa na unyevu, kisha uifukie.

Baada ya siku 7 hadi 10 tazama majani yaliyochipua, siyo yale yaliyokwisha kukauka, maana hayo hayarudi. Mstari wa SA peke yake ukikolea kijani, iliyokosekana ni salfa. Mistari yote miwili yenye mbolea ikikolea, ni naitrojeni. Hakuna uliobadilika? Tafuta chanzo kingine.

Vyanzo hivyo vingine ni vingi. Ugonjwa wa milia huleta mistari myembamba iliyokatikakatika kwenye majani machanga, na mara nyingi mmea mmoja huugua huku jirani yake ni mzima. Upungufu kwa kawaida hushika eneo zima. Maji yakituama, mizizi hukosa hewa na majani ya chini hugeuka manjano ijapokuwa naitrojeni imo ardhini. Ng'oa mmea mmoja uone mizizi kabla hujatoa hukumu. Dalili zikishachanganyika, jani halitoshi tena: peleka sampuli maabara.

Jaribio likionyesha salfa, tumia SA, lakini fahamu kwamba huongeza uchachu wa udongo. Kama shamba lako tayari lina uchachu, pima pH na uzungumze na afisa ugani kuhusu chokaa kabla ya kuitumia msimu baada ya msimu.