Kabla hujaandika barua ya kuacha kazi

Mwalimu mmoja wa serikalini, Tanzania, ana miaka 13 kazini na duka la vyakula mtaani kwake. Mfano huu nimeutunga, lakini hesabu zake ndizo wengi hawazifanyi. Mshahara wake ni shilingi 900,000, na mkononi anapokea kama 720,000. Duka linauza 150,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, na katika kila shilingi 100 za mauzo, 12 ni faida. Hiyo ni 468,000. Akitoa pango na umeme 100,000, na kijana wa dukani 100,000, anabakiwa na 268,000. Anajiambia: nikiacha kazi nikakaa dukani mwenyewe, nitaokoa ile ya kijana.

Ataokoa, lakini atabaki na 368,000 tu. Na anachoacha si zile 720,000 peke yake. Kila mwezi PSSSF hupokea asilimia 20 ya mshahara wake, yaani 180,000. Tano amekatwa yeye, 15 anachangia mwajiri. Bima ya afya ni asilimia sita, 54,000, wakigawana nusu kwa nusu. Ukijumlisha vyote ni 954,000. Ili duka limpe kiasi hicho baada ya pango na umeme, linahitaji mauzo ya karibu 338,000 kwa siku, zaidi ya mara mbili ya leo, na hapo sijagusa kodi wala leseni.

Halafu kuna kalenda. Pensheni ya kila mwezi inataka angalau miezi 180 ya michango. Yeye ana 156. Kuondoka leo, ikiwa imebaki miezi 24, naona ni hasara kubwa mno kwa mtu ambaye hana haraka ya lazima. Kama ana mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara, deni halifi na ajira; litamfuata mpaka dukani.

Hata hivyo, hesabu yote inasimama juu ya zile 12 za faida, na daftari la duka mara nyingi linadanganya. Kilo mbili za sukari zikienda jikoni kwake bila kuandikwa, mafuta ya kupikia vilevile, na jirani akachukua unga kwa mkopo, mwisho wa mwezi mauzo yanaonekana mazuri huku rafu zikizidi kuwa wazi. Akiona kila mara anatoa fedha ya mshahara kujaza bidhaa, ajue mshahara ndio unaolisha duka.

Ningemshauri atumie likizo yake ya mwaka, siku 28, akae kaunta mwenyewe tangu asubuhi hadi kufunga, aandike kila kinachotoka, hata kile anachobeba nyumbani. Mauzo yakipanda hadi 250,000, kuwepo kwake kuna thamani kweli. Yakifika 160,000 yakaishia hapo, tatizo si kijana. Ni mtaa, au ni bidhaa zilizopo rafuni.