Siku ya 366

Tarehe 31 Desemba 2008, watu waliowasha Zune 30, kichezea muziki cha Microsoft, walikikuta kimeganda. Kilikuwa sokoni tangu Novemba 2006. Miaka miwili kinaimba, leo kimya!

"Kwani hakikujaribiwa?" Hilo ndilo swali ambalo wenye bidhaa huwatupia wapimaji wao kila programu inapoharibika mikononi mwa wateja.

Kasoro ilikaa kwenye kipande cha programu ya saa kilichotafuta mwaka kwa kuhesabu siku. Siku zikizidi 365, kilitoa za mwaka mmoja, kisha kikaangalia tena. Kwa mwaka mrefu kilitoa 366, lakini pale tu siku zilipozidi 366. Je, zikiwa 366 kamili? Zimezidi 365, kwa hiyo hesabu haiishi. Hazijazidi 366, kwa hiyo hakitolewi kitu. Kifaa kikabaki kinazunguka palepale. Microsoft iliwashauri wateja waache betri iishe, wasubiri mchana wa 1 Januari ndipo wakichaji na kukiwasha upya.

Siku nyingine zote kipande hicho kilifanya kazi sawasawa, na mwaka mrefu wa kwanza tangu kifaa kiingie sokoni ulikuwa huohuo wa 2008. Angekijaribu mtu mwezi mzima wa Machi, asingeona kitu.

Basi kwa nini wapimaji wasijaribu kila hali? Tuchukue ukurasa mdogo wa malipo: aina 6 za simu, njia 5 za kulipa, hali 4 za mtandao, lugha 2. Zidisha, upate michanganyiko 240. Kila mmoja ukila dakika 3, ni saa 12 za kazi, na hapo tarehe hazijaguswa. Kasoro ikirekebishwa, sehemu ya kazi hiyo hurudiwa, kwani rekebisho huweza kuharibu kilichokuwa kizima. Muda mwingi unaolalamikiwa huliwa na marudio hayo.

Wapimaji hupunguza mzigo kwa kuhakikisha kila jozi, tuseme simu fulani na njia fulani ya kulipa, inakutana angalau mara moja. Michanganyiko 240 hushuka hadi kama 30. Kasoro inayohitaji vitu vitatu vikutane ndiyo itakayopenya, na mwenye bidhaa aliyeafiki kupunguza amekubali hatari hiyo, ajue asijue.

Swali lenye faida zaidi kwake, kabla ya kutoa toleo, ni hili: nini hakikujaribiwa, na kwa nini? Mpimaji mzuri hupenda pia kupekua mipakani, akajaribu 365, 366 na 367 badala ya kuridhika na 200. Kasoro ya Zune ingeonekana kwa kusogeza saa ya kifaa hadi 31 Desemba ya mwaka mrefu, kisha kukiwasha.