Mibofyo Mingi, Mauzo Haba

Chukua mfano wa muuza viatu vya ngozi wa Kariakoo, Dar es Salaam, anayetangaza kupitia Facebook na Instagram. Jozi moja anaiuza Sh60,000. Akishatoa bei ya kununulia na nauli ya bodaboda anayempelekea mteja, anabakiwa na Sh18,000. Ametoa matangazo mawili, kila moja kwa Sh200,000, na kila moja limeonekana mara 50,000.

La kwanza lina picha ya kiatu kinachong'aa na maneno “Ofa kabambe! Bofya uone.” Limebofywa mara 2,000. La pili linaonyesha kiatu kilekile, bei yake, saizi zilizopo na ahadi ya kuletewa mzigo hadi mlangoni. Limebofywa mara 500 tu.

Kwenye ripoti, kiwango cha kubofya huandikwa CTR. Ni mibofyo ikigawanywa kwa idadi ya mara tangazo lilipoonekana: asilimia 4 kwa tangazo la kwanza, asilimia 1 kwa la pili. Gharama ya kila mbofyo, yaani CPC, ni Sh100 kwa la kwanza na Sh400 kwa la pili. Ukiishia hapo, utalizima la pili haraka.

Sasa hesabu mauzo. Kati ya wale 2,000, walionunua ni wanane, sawa na asilimia 0.4. Kati ya wale 500, walionunua ni 20, sawa na asilimia 4. Hicho ndicho kiwango cha ununuzi, na ndicho kinachogeuza hukumu. Kumpata mnunuzi mmoja kwa tangazo la kwanza kumegharimu Sh25,000, ilhali faida ya jozi ni Sh18,000. Kila kiatu kilichouzwa kimemtia hasara ya Sh7,000. Kwa tangazo la pili, mnunuzi mmoja amegharimu Sh10,000, na muuzaji amebaki na Sh8,000 mkononi.

Tofauti imetokana na bei. Tangazo la pili liliitaja, kwa hiyo asiyekuwa na Sh60,000 alipita bila kubofya. Tangazo la kwanza liliwaita wote, likawalipia wote, nao walipoiona bei wakaondoka.

Tena, CTR na CPC si ushahidi wa aina mbili tofauti. Muuzaji huyu alitozwa kwa jinsi tangazo lilivyoonekana, Sh4,000 kwa kila mara 1,000. Kwa malipo ya namna hiyo, mibofyo ikiongezeka, bei ya mbofyo mmoja hushuka yenyewe. Ndiyo maana tangazo lenye hasara linaweza kupendeza kwa vipimo vyote viwili.

Ipo hesabu moja fupi ya kujua bei ya juu kabisa ya kulipia mbofyo: zidisha faida ya bidhaa moja kwa kiwango cha ununuzi. Kwa tangazo la pili, Sh18,000 mara asilimia 4 ni Sh720. Kulipa Sh400 ni salama. Kwa la kwanza jibu ni Sh72, naye analipa Sh100.

Vipimo hivi vikifuatwa wiki hadi wiki, huonyesha pia tatizo liko wapi. CTR ikishuka na CPC ikapanda huku kiwango cha ununuzi kikibaki palepale, mara nyingi watu walewale wamekwisha kuliona tangazo mara nyingi mno; abadilishe picha au atafute watazamaji wapya. CTR ikitulia lakini ununuzi ukaporomoka, aangalie kinachotokea baada ya mbofyo: ukurasa unaochelewa kufunguka, saizi zilizokwisha, au ujumbe wa WhatsApp uliojibiwa kesho yake.

Hapo kwenye WhatsApp pana mtego. Mteja akiulizia kwa ujumbe kisha akalipa kwa M-Pesa, mara nyingi ripoti ya tangazo haiyaoni mauzo hayo, na tangazo zima huonekana gonjwa. Muuzaji hana budi kumuuliza kila mnunuzi ameona tangazo lipi na kuandika jibu daftarini.

Pia asikate shauri mapema. Hata tangazo lenye kiwango halisi cha ununuzi cha asilimia 4 linaweza kupata mibofyo 25 ya kwanza bila kuuza hata jozi moja. Hali hiyo hutokea zaidi ya mara moja katika kila majaribio matatu. Asubiri mamia ya mibofyo ndipo aamue.

Kwa muuza viatu huyu, mibofyo 2,500 inatosha kutoa hukumu. Tangazo la kwanza lilirudisha faida ya Sh144,000 kwa Sh200,000 zilizotumika, na linapaswa kuzimwa au kuandikwa upya likiwa na bei. La pili lilirudisha Sh360,000. Hilo liendelee.